Je, wajua? Simu iliyozama baharini huchelewa kufa

"Nataka kununua simu iliyotumika hapa Lamu. Nitajuaje kama iliwahi kuanguka baharini, na ikiwa inawaka vizuri, kuna ubaya gani?"

Ubaya upo, na unatokana na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takriban gramu 35. Simu ikianikwa, maji huondoka lakini chumvi hubaki kwenye bodi. Chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa, nao umeme wa betri hupita mahali usipotakiwa kupita na kuila shaba taratibu. Hata simu ikizimwa, betri bado imeunganishwa na bodi, kwa hiyo kuliwa huko hakusimami. Ndiyo maana simu iliyodondoka majini mtu akishuka kwenye boti pale Mokowe inaweza kukaushwa, ikawaka, ikauzwa, kisha ikafa mikononi mwa mnunuzi baada ya wiki kadhaa. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, kwani mchele hauondoi chumvi.

Nenda mchana, ukiwa na laini yako, pini ya kutolea laini, tochi, na chaja yako mwenyewe unayojua ni nzima. Omba nusu saa. Muuzaji asiyekubali nusu saa, mwache.

Tuseme umeletewa Samsung. Izime, toa kisahani cha laini, umulike ndani ya kile kitundu. Simu nyingi za Samsung, na iPhone pia, huwa na stika ndogo humo, nyeupe au ya rangi ya fedha, ambayo ikiguswa na maji hugeuka nyekundu au waridi. Hewa ya pwani peke yake haiigeuzi, kwa hiyo ukiambiwa "hilo ni joto tu," usikubali. Lakini stika nyeupe nayo haitoshi kukutuliza, maana fundi anaweza kuibadilisha au kuibandua. Tazama kisahani chenyewe pia, kama kina unga mweupe kwenye kona au kutu.

Sasa mulika kitundu cha chaja. Hapa ndipo chumvi husema ukweli, kwa sababu watu wengi huchomeka chaja kabla simu haijakauka, na umeme ukikutana na maji ya chumvi huunguza vile vijino vya shaba. Vijino vizima hung'aa sawasawa. Ukiona rangi ya kijani, au kimoja kimekuwa cheusi na vingine vinang'aa, hiyo imekunywa maji. Kama kitundu ni cha USB-C, chomeka waya, ngoja ionyeshe inachaji, kisha uchomoe, ugeuze kichwa na uchomeke tena. Simu nzima huchaji pande zote mbili. Ikichaji upande mmoja tu, jaribu waya mwingine. Hali ikiwa ileile, kuna kijino kilichokufa. Alama ya tone la maji ikitokea kwenye kioo wakati kitundu ni kikavu, sababu inaweza kuwa hiyohiyo.

Iwashe, ufungue ukurasa mweupe mtupu, mwanga uwe wa juu. Maji yaliyopita chini ya kioo huacha vivuli kama madoa ya chai, hasa pembeni. Tazama lenzi za kamera kwa mshazari kama kuna ukungu kwa ndani. Rekodi sauti yako kwa sekunde kumi, kisha rekodi video fupi, usikilize zote mbili, kwa sababu simu nyingi zina maikrofoni zaidi ya moja na moja inaweza kuwa imezibwa na chumvi. Kwenye Samsung nyingi, ukibonyeza

```
*#0*#
```

hutokea ukurasa wa kupima rangi za kioo, mguso na spika.

Mwisho, soma asilimia ya betri, zima kioo, uiweke kivulini dakika 20 bila kuigusa. Ikipungua zaidi ya asilimia 2, au mgongo ukapata joto karibu na kamera ilhali haifanyi kazi yoyote, huenda umeme unavuja kwenye bodi. Muuzaji akikupunguzia bei hapo, kataa. Bodi iliyoanza kuliwa hairekebishiki kwa uhakika.

Usibabaishwe pia na neno IP68, yaani kipimo cha simu kuzuia maji. Kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi huenda gundi yake haizuii maji tena.

Simu ikipita hayo, imebaki kufuli. Mwambie muuzaji aondoe akaunti zake na kuifuta simu mbele yako, kisha uiwashe ukiwa na intaneti mpaka ufike ukurasa wa mwanzo. Ikidai barua pepe ya mmiliki wa zamani, au ikaleta ujumbe wa deni la kulipa kidogo kidogo, irudishe. Bonyeza

```
*#06#
```

na uhakikishe namba za IMEI ni zilezile zilizo kwenye boksi, kisha ziandikwe kwenye risiti pamoja na jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, kabla hujatuma pesa.