Nafasi Wazi na Migongano ya Miadi: Dhana Potofu Kuhusu Ukurasa wa Kliniki

Kliniki inapowaruhusu wagonjwa wajipangie miadi kwa simu kupitia ukurasa wake wa mtandao, imeahidi kwamba mtu aliyetoka Mukono au Entebbe akifika saa aliyopewa, kiti kitakuwa chake. Ahadi hiyo huvunjwa na makosa machache yanayojirudia, na karibu yote hutokana na dhana zinazoonekana sahihi mpaka siku ambayo wagonjwa wawili wanakutana mlangoni. Mfano nitakaoutumia ni wa kliniki ya meno jijini Kampala yenye daktari anayefanya kazi kuanzia 08:00 hadi 13:00. Saa zimeandikwa kama zinavyoonekana kwenye skrini, kwa hiyo 08:00 ni saa mbili asubuhi.

Dhana: siku ikigawanywa katika vipande vya nusu saa, vipande visivyo na jina ndivyo nafasi wazi.

Mpango huu ungefaa kama kila huduma ingechukua nusu saa kamili. Lakini uchunguzi wa meno huweza kuchukua dakika 20, kuziba jino dakika 40, na kung'oa jino dakika 30 pamoja na dakika 5 za kusafisha kiti na vifaa. Tuseme kwamba siku hiyo tayari kuna miadi ya 08:30 hadi 09:10, ya 09:40 hadi 10:00, na ya 11:20 hadi 12:00, huku mapumziko ya chai yakiwa kati ya 10:30 na 11:00. Mgonjwa mpya anataka kung'oa jino, yaani anahitaji dakika 35.

Mfumo wa vipande utamwonyesha 08:00, 10:00, 12:00 na 12:30, kwa sababu vipande hivyo havina mtu. Akichagua 08:00, atamaliza 08:35 wakati mgonjwa wa 08:30 amekwisha kuitwa. Akichagua 10:00, ataingia ndani ya mapumziko, na akichagua 12:30, atapita muda wa kufunga. Upande wa pili, mtu anayetaka uchunguzi wa dakika 20 hataonyeshwa 09:10 wala 11:00, ingawa daktari yuko huru kabisa nyakati hizo, kwa kuwa vipande vya 09:00 na 11:00 vimeguswa kidogo na miadi mingine. Mfumo mmoja unaruhusu migongano na papo hapo unaficha nafasi halali.

Njia sahihi ni kutoa vipindi vilivyoshikwa kutoka kwenye saa za kazi, kisha kuangalia mapengo yanayobaki. Vipindi hivyo, pamoja na mapumziko, hupangwa kwa saa ya kuanza. Kiashiria kinaanzia 08:00. Kila kipindi kinachokutwa, nafasi iliyo kati ya kiashiria na mwanzo wa kipindi hicho huandikwa kuwa pengo, kisha kiashiria husogezwa hadi mwisho wa kipindi. Vipindi vikiisha, nafasi inayobaki kutoka kwenye kiashiria hadi 13:00 nayo huandikwa kuwa pengo. Hapa pana sharti dogo ambalo husahauliwa: kiashiria kisirudi nyuma kamwe, hivyo kichukue saa iliyo mbele zaidi kati ya pale kilipo na mwisho wa kipindi. La sivyo, kipindi kifupi kilichomo ndani ya kirefu, kwa mfano mapumziko yaliyofunikwa na upasuaji, kitazaa pengo la uongo.

Katika mfano wetu mapengo ni 08:00–08:30, 09:10–09:40, 10:00–10:30, 11:00–11:20 na 12:00–13:00. Matatu ya kwanza yana dakika 30 kila moja, la nne lina 20, na la mwisho 60. Kwa huduma ya dakika 35 linafaa la mwisho peke yake, na mgonjwa anaweza kuanza wakati wowote kuanzia 12:00 hadi 12:25. Kama dakika 5 za usafi zinaweza kuangukia baada ya muda wa kufunga, basi 12:30 nayo ingefaa. Huo ni uamuzi wa kliniki, na anayeandika programu anapaswa kuuliza badala ya kukisia.

Dhana: kugundua mgongano ni kuangalia kama saa ya kuanza imeangukia ndani ya miadi nyingine.

Chukua ombi la 09:30 hadi 10:15. Saa ya kuanza haimo ndani ya miadi ya 09:40 hadi 10:00, wala saa ya kumaliza haimo. Hata hivyo ombi hilo limeimeza miadi hiyo nzima. Kipimo kinachoshika hali zote ni kimoja tu:

```
mwanzo_a < mwisho_b AND mwanzo_b < mwisho_a
```

Alama ni `<` na si `<=`, kwa sababu dakika ya mwisho haihesabiwi kuwa sehemu ya kipindi. Anayemaliza 10:00 hagongani na anayeanza 10:00. Ukitumia `<=`, kila mgonjwa atamfungia nafasi anayemfuata mara moja, na mapokezi watashangaa kwa nini ratiba haijai.

Dhana: programu ikikagua kwanza kisha ikaandika, miadi miwili haiwezi kugongana.

Hii ndiyo dhana inayoleta madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu majaribio ya mtu mmoja hayawezi kuifichua. Wagonjwa wawili wamefungua ukurasa, na wote wanaona kwamba pengo la 12:00 hadi 13:00 liko wazi. Ombi la kwanza, la 12:00, linauliza hifadhidata kama kuna mgongano na kujibiwa kwamba hakuna. Kabla halijaandika, ombi la pili, la 12:15, nalo linauliza na kupata jibu lile lile. Kisha yote mawili yanaandika, na kila mgonjwa anapata ujumbe wa uthibitisho. Jibu walilopewa lilikuwa kweli lilipotolewa, ila halikuwa kweli tena wakati wa kuandika.

Wengi hujaribu kuziba tundu hili kwa kuweka sharti la `UNIQUE` kwenye daktari na saa ya kuanza. Sharti hilo linazuia wawili wanaoanza saa 12:00 kamili, lakini 12:00 na 12:15 ni thamani mbili tofauti, kwa hiyo zote hupita. Wengine huifunga kazi yote ndani ya muamala mmoja kwa `BEGIN` na `COMMIT`. Katika hifadhidata ya PostgreSQL kiwango cha kawaida cha utengano ni `READ COMMITTED`, ambamo muamala hauoni mistari ambayo muamala mwingine bado haujaithibitisha. Hivyo kila mmoja bado utadhani uko peke yake. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa mara moja ni jambo jema pale mtandao unapokuwa mzito, lakini kunamhusu mtu mmoja kwenye simu moja.

Ulinzi wa kweli uwekwe ndani ya hifadhidata yenyewe. PostgreSQL ina sharti la kutenga, lililokuja katika toleo la 9.0 mwaka 2010, na toleo la 9.2 la mwaka 2012 likaongeza aina za data za vipindi. Vikitumika pamoja, sheria nzima inaandikwa hivi:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS btree_gist;

ALTER TABLE miadi
  ADD CONSTRAINT miadi_isigongane
  EXCLUDE USING gist (
    daktari_id WITH =,
    tstzrange(mwanzo, mwisho, '[)') WITH &&
  )
  WHERE (hali <> 'imefutwa');
```

Maana yake ni kwamba pasiwepo mistari miwili yenye daktari yule yule na vipindi vinavyogongana, isipokuwa miadi iliyofutwa. Alama `'[)'` inasema mwanzo umo na mwisho haumo. Sharti hili lina matundu mawili yanayopaswa kuzibwa. Safu ya `hali` ikiruhusiwa kuwa tupu, mstari wenye `NULL` hautalindwa, kwa hiyo iwekwe `NOT NULL`. Tena, miadi ambayo mwanzo na mwisho wake ni saa ile ile ni kipindi kitupu, na kipindi kitupu hakigongani na chochote, hivyo iongezwe `CHECK (mwisho > mwanzo)`.

Kulihakiki ni rahisi. Fungua madirisha mawili ya `psql`, anza muamala kwenye kila moja, kisha uandike 12:00 hadi 12:35 katika la kwanza na 12:15 hadi 12:50 katika la pili. Dirisha la pili litasimama likingoja. Ukithibitisha la kwanza, la pili litakataliwa kwa kosa namba `23P01`. Ukilighairi la kwanza, la pili litapita. Programu ikipokea kosa hilo imweleze mgonjwa kwamba nafasi imechukuliwa, imletee orodha mpya, na isimfutie jina na namba ya simu alizokwisha kujaza. Ujumbe wa uthibitisho utumwe baada ya `COMMIT`, si kabla yake.

Faida nyingine ya kuweka sheria mahali hapo ni kwamba inamfunga kila anayeingiza miadi, awe mgonjwa kwenye simu yake au mhudumu wa mapokezi anayepokea aliyepiga simu. Lakini mapokezi wakiendelea na daftari lao pembeni, hakuna hifadhidata itakayoweza kuwasaidia.

Dhana: daktari akiwa huru, nafasi ipo.

Kliniki yenye madaktari wawili na mashine moja ya eksirei ina vitu vitatu vinavyoweza kushikwa. Miadi inayohitaji mashine huandikwa pamoja na kitambulisho cha chumba chenye mashine hiyo, na sharti la pili la aina ile ile huwekwa kwa chumba. Hesabu ya mapengo nayo ichukue nyakati ambazo daktari na chumba vyote viko wazi.

Dhana: Uganda haibadilishi saa katika mwaka, kwa hiyo suala la saa halituhusu.

Ni kweli kwamba Uganda hubaki saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Seva nyingi, hata hivyo, huhesabu kwa UTC, na kati ya usiku wa manane na saa tisa usiku wa Kampala seva hizo bado ziko kwenye tarehe ya jana. Anayefungua ukurasa usiku huo anaweza kuonyeshwa nafasi za siku iliyokwisha. Tarehe ya leo ihesabiwe kwa `Africa/Kampala`, na saa zihifadhiwe kama `timestamptz`. Kwenye skrini iandikwe "09:00 (saa 3 asubuhi)", kwa kuwa wasomaji wengi huhesabu saa kuanzia macheo.

Dhana: nafasi inayosubiri malipo itajiachia yenyewe muda ukiisha.

Kliniki ikidai malipo ya awali kwa pesa za simu, nafasi hushikiliwa, tuseme kwa dakika 10, mpaka malipo yathibitishwe. Mtu angependa kuandika ndani ya `WHERE` ya sharti kwamba nafasi iliyopitwa na muda isihesabiwe, lakini PostgreSQL haikubali `now()` mahali hapo, kwa kuwa jibu lake hubadilika kila mara. Dawa yake ni kufuta nafasi zilizokwisha muda ndani ya muamala ule ule unaoandika miadi mpya, kabla tu ya kuandika. Uthibitisho wa malipo ukichelewa na kufika nafasi ikiwa imefutwa, mfumo ujaribu kuiandika tena. Ukikutana na `23P01`, pesa imekwisha kukatwa na kiti kina mwenyewe, hivyo tukio liandikwe wazi kwenye orodha ya mapokezi ili mgonjwa apigiwe simu, arudishiwe pesa au apewe saa nyingine.