Dole gumba si idhini: lini jambo litoke kwenye grupu liende barua pepe

Kazi yangu ni kupanga mawasiliano na kumbukumbu za ofisi, na kwa miaka kadhaa wateja wangu wengi wamekuwa kampuni za malori hapa Kampala. Grupu zao za WhatsApp huendeshwa kwa Kiswahili, maana dereva mmoja katoka Malaba, mwingine Arua, wa tatu Mombasa, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kisa ninachokieleza kilitokea katika mojawapo ya grupu hizo.

Lori lilibeba mifuko 560 ya saruji, yaani tani 28, ya mteja mwenye maduka aitwaye Hajati, kwenda Arua. Dereva alipofika Karuma, pale njia ya Pakwach na Arua inapoachana na ile ya Gulu, aliandika hivi:

"Bosi, habari za mchana. Nipo Karuma. Hajati amenipigia, anataka mifuko 200 ishuke Gulu kwanza, iliyobaki iende Arua. Niende?"

Huo ni ujumbe mzuri, na nitaeleza kwa nini. Tatizo lilikuwa jibu. Meneja aliweka dole gumba, 👍. Dereva akaelekea Gulu. Dizeli ikaongezeka, siku nzima ikapotea, na ankara ilipoenda na gharama ya ziada, Hajati akakataa: "Mimi nilimuuliza tu dereva kama inawezekana. Sikuagiza." Meneja naye akasema dole lake lilimaanisha "nimeona, ngoja nimpigie Hajati". Hapo mwezi ulikuwa umekwisha, na grupu ilikuwa imewekwa ujumbe ufutike baada ya siku 7 ili simu zisijae. Kilichobaki ni picha ya skrini aliyoipiga dereva kwa sababu moyo wake haukutulia.

Sikuona mwongo kati ya hao watatu. Dole gumba lina maana mbili: nimeona, na nimekubali. Kwenye swali la "nani ataleta funguo" tofauti hiyo haidhuru. Kwenye swali linaloishia na "Niende?" inagharimu pesa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza niliyowawekea ni kwamba swali la kazi hujibiwa kwa neno, tena kwa kuushika ujumbe wenyewe na kuujibu, ili swali lionekane juu ya jibu. Katika grupu ya watu 30, kati ya swali na jibu hupita maswali mengine mawili ya mafuta na picha ya tairi, na "sawa" iliyoelea peke yake haijulikani ni ya nani.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa dereva. Amesalimu na kueleza shida yake humo humo. Sisi hatuwezi kuingia kwenye neno bila salamu; mtu mzima akiandikiwa "Tuma picha ya delivari" anahisi ameamrishwa kama mtoto. Lakini salamu ikitumwa peke yake, "Habari za asubuhi wote", inazaa majibu 20 ya "nzuri", na aliyeuliza jambo la maana alfajiri anafukiwa. Salamu fupi na haja viende pamoja. "Mzee, shikamoo. Naomba picha ya delivari ya Nebbi" ni mstari mmoja, na heshima yote imo.

Kisha ametaja alipo kabla ya kueleza anachotaka. Kwenye skrini iliyofungwa huonekana mistari michache ya mwanzo tu, na ujumbe mrefu hukunjwa mpaka uuguse kuufungua. Dereva aliyesimama kandokando ya barabara haufungui. Ninachowaambia ni jambo moja kwa ujumbe mmoja, mistari isizidi mitano, na mahali na swali vionekane mapema. Ukiona umeandika "pia" mara ya pili, hapo una jumbe mbili.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Ukiandika "nijibu kabla ya saa 9", dereva anaelewa alasiri, ila karani aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza anaelewa asubuhi au usiku. Andika "saa 9 alasiri" kila mara, na ukihamia barua pepe ya Kiingereza andika 15:00.

Mkasa wa Karuma ungekwendaje sawasawa? Meneja angejibu juu ya ujumbe ule: "Subiri hapo Karuma. Nampigia Hajati. Utapata jibu kabla ya saa 9 alasiri." Dereva anajua asimame, na anajua mpaka lini. Kisha jambo linatoka kwenye grupu, kwa sababu limegusa vitu ambavyo grupu haiwezi kuvibeba: linabadilisha hati iliyokwisha kutolewa, linaongeza gharama, na anayelipa hayumo ndani ya grupu. Kimoja tu kati ya hivyo kikiwepo, mimi naandika barua pepe. Ingekuwa hivi:

"Mada: Badiliko la kushusha saruji: Gulu 200, Arua 360

Hajati, salaam aleikum. Nathibitisha mazungumzo yetu ya simu ya leo saa 8:10 mchana. Mifuko 200 itashushwa duka lako la Gulu, na 360 itaendelea Arua, ambako itafika kesho jioni badala ya leo. Gharama ya ziada ya safari ni kama ilivyo kwenye karatasi niliyoambatisha. Lori linasubiri Karuma. Tafadhali nijibu 'nakubali' ndipo liondoke."

Nakala inakwenda kwa mhasibu. Ona mada ilivyo: mhasibu akitafuta neno "Gulu" mwezi ujao ataipata. Hajati akijibu, grupu inapata mstari mmoja tu: "Nenda Gulu. Hajati amekubali kwa barua pepe." Bei haitajwi mbele ya madereva wote.

Wengine huniambia ujumbe wa WhatsApp hauna nguvu kisheria. Sivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 haikatai maandishi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ugumu uko kwenye kuonyesha kwamba yamekamilika: ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, unaweza kufutwa kwa wote, na simu huibiwa.

Kuna la mwisho, na hili linaniuma zaidi. Kosa la mfanyakazi halijadiliwi kwenye grupu, hata kwa mistari miwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. "Fulani umetuchelewesha tena" mbele ya wenzake 30 si kumsikiliza. Ni kumvunjia heshima, na jibu lake la hasira litabaki kwenye simu 30. Mpigie, mwite ofisini, kisha mwandikie barua.

Wateja wengi wenye maduka hawafungui barua pepe kila siku, Hajati akiwa mmoja wao. Basi mpigie simu, mtumie maneno yale yale kwenye namba yake binafsi, subiri aandike "nakubali", halafu piga picha ya skrini, namba na saa vikionekana, uitume kwa barua pepe ya mhasibu siku hiyo hiyo ukiwa na mada ile ile. Lori liondoke Karuma baada ya hapo.