Jumla ndogo si kanuni: kadi za kutaja kampaundi za kaboni

Kila likizo wanafunzi wa Kisumu wanaokuja kwangu kudurusu kemia huniletea neno lilelile: "Mwalimu, si tunahesabu kutoka upande wenye jumla ndogo ya nambari za matawi?" Hata kwenye kadi tatu za manila wanazojikatia, ya mnyororo, ya nambari na ya viambishi, wameliandika hivyo, kwa kalamu nyekundu. Limenichosha.

Kanuni za IUPAC hazijumlishi chochote. Andika nambari za matawi ukihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kila orodha ikianza na nambari ndogo. Linganisha nambari za kwanza. Zikitofautiana, orodha yenye ndogo imeshinda, usiendelee. Zikilingana, nenda kwenye za pili. Tazama hii:

```
CH3CH(CH3)CH2CH2CH2CH2CH(CH3)CH(CH3)CH2CH3
```

Mnyororo una kaboni 10. Kutoka kushoto, methili ziko 2, 7 na 8, jumla 17. Kutoka kulia ziko 3, 4 na 9, jumla 16. Mwenye kujumlisha atachagua 3,4,9 na kukosa. Nambari 2 ni ndogo kuliko 3, kwa hivyo jina ni 2,7,8-trimethilidekani.

Mbona dhana hii haifi? Kwa sababu tawi likiwa moja au yakiwa mawili, jumla haikosei kamwe. Jaribu mnyororo wowote uone. Inaanza kudanganya matawi yakifika matatu, na mazoezi mengi huishia mawili. Kwa hivyo kadi yako ya pili, ile ya nambari, isiwe na alama ya kujumlisha. Iulize hivi, kwa mpangilio huu:

Kuna OH au bondi maradufu? Ikiwepo, hesabu kutoka upande unaoipa nambari ndogo. Haipo, au imepata nambari ileile pande zote? Linganisha orodha za matawi. Orodha zimelingana kabisa? Tawi linalotangulia kwa alfabeti lipewe nambari ndogo, kama 3-ethili-5-methiliheptani.

Kadi ya kwanza, ya mnyororo, nayo ina dhana yake: eti mnyororo mkuu ni ule uliochorwa ukanyooka. Hapana. Fuata kaboni kwa kidole hata zikikunja kona. Kwa alkeni za shuleni, mnyororo lazima upite kwenye bondi maradufu, hata kama kuna mrefu zaidi usiopita hapo. (Mapendekezo ya IUPAC ya 2013 yanatanguliza urefu, lakini kwenye mtihani fuata kitabu chako cha shule.)

Kadi ya tatu ni ya viambishi. Wengi huweka dimethili kabla ya ethili kwa kuwa D hutangulia E. Di na tri hazihesabiwi kwenye alfabeti. Unapanga kwa E ya ethili na M ya methili. Ndiyo maana tunaandika 3-ethili-2,2-dimethilipentani.