Kila tishio na kinga yake: swali la uhuru wa mkaguzi

Kwa nini nikiandika "badilisha timu ya ukaguzi" kwa kila tishio kwenye swali la uhuru wa mkaguzi, napata alama chache?

Kinga hupimwa kwa chanzo cha tishio. Chukua mfano huu: kampuni binafsi inafunga hesabu tarehe 31 Desemba 2024. Mmoja wa timu ya ukaguzi alikuwa mhasibu mkuu wa mteja huyo hadi Machi 2024, na ndiye aliyesimamia uthamini wa bidhaa ghalani. Isitoshe, sehemu kubwa ya ada ya ukaguzi wa mwaka jana haijalipwa, na mkurugenzi wa fedha amesema italipwa "ripoti ikitoka safi".

Anza na mhasibu. Tishio kuu ni kujikagua, maana atapima hesabu alizotayarisha mwenyewe; mazoea na wenzake wa zamani huja nyuma yake. Wengi hupendekeza kazi yake ipitiwe na mkaguzi mwingine, na hapo ndipo alama hupotea. Tarehe inaamua. Miezi mitatu ya utumishi wake imo ndani ya mwaka unaokaguliwa, na kanuni ya maadili ya IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili kwa wahasibu, hairuhusu mtu aliyekuwa na ushawishi mkubwa kwenye hesabu za kipindi hicho awe kwenye timu. Hakuna kinga ya kumbakiza; anaondolewa. Kwake, basi, jibu lako lilikuwa sahihi. Angekuwa ameondoka Novemba 2023, mambo yangekuwa tofauti: tishio lingepimwa, kisha angepewa maeneo asiyowahi kuyagusa na kazi yake kupitiwa na mtu mwenye uwezo.

Ada ni tishio la maslahi binafsi, na ni la kampuni nzima ya ukaguzi. Hata ukileta timu mpya kabisa, deni liko palepale. Kinachofaa ni kudai malipo, walau sehemu, kabla ya kuanza kazi ya mwaka huu, na mbia asiyehusika na ukaguzi huo apitie kazi iliyofanyika. Deni kubwa likikaa muda mrefu, kampuni ijiulize kama limegeuka mkopo kwa mteja, na kama inafaa kuendelea naye.

Kauli ya mkurugenzi ni tishio la shinikizo. (Watahiniwa wengi huiunganisha na ada wakaishia na hoja moja badala ya mbili.) Deni hilohilo lingeweza kuwepo bila sharti lolote, kwa hiyo tishio hili liandikie aya yake: mbia kiongozi alipeleke suala kwa bodi ya mteja, aeleze kwamba maoni ya ukaguzi hayafungwi na malipo, na aweke kumbukumbu ya mazungumzo. Bodi ikimuunga mkono mkurugenzi wake, kinga zimekwisha. Kinachobaki ni kujiuzulu pale sheria inaporuhusu.