Sarraundi, sterio na ikwalaiza: vitu tunavyodanganyana vibanda umiza vya Mtwara

Dhana: ukiwasha sarraundi ndo sauti inakuwa kamili, sterio ni ya redio za zamani.

Ukweli: pita kibanda chochote huku Chikongola jioni, tivii iko kwenye Surround, sabufa inatetemesha mabati, na watu wanaulizana "kasemaje hapo?" Muvi zilizotafsiriwa sauti ya didjei imewekwa sawasawa kulia na kushoto, ndo maana tunaisikia katikati. Sasa sarraundi ya kuigiza kwenye spika mbili mara nyingi inatafuta kile kinachotofautiana kati ya kulia na kushoto, inakikuza, inakichelewesha kidogo sana ili ubongo udhani kimetoka pembeni. Sauti ya didjei haina tofauti, kwa hiyo milio ya risasi inatanuka yeye anazama. Jaribu hivi, wakati anaongea zima sarraundi urudi sterio bila kugusa volyumu, kama maneno yamesogea mbele yako basi tatizo lilikuwa hilo na sio spika mbovu.

Halafu ule ujanja umepigiwa hesabu ya mtu mmoja aliyekaa katikati, wale wa mwisho wa benchi wanapata mvurugo tu. Inafaa zaidi ukiwa peke yako na muvi yenyewe ina sauti ya 5.1, yaani iliyopangwa kwa spika tano na sabufa, na kwa hedifoni ndo bora zaidi kwa sababu kila sikio linapata ya kwake.

Dhana: muziki nao uwekwe sarraundi unoge.

Ukweli: singeli au taarabu ishapangwa sterio toka studio, iache. Na kile kispika kimoja cha blututhi, kulia na kushoto vimekaa karibu karibu mno, kitufe kinabadilisha ladha tu.

Dhana: maneno hayasikiki? pandisha vitelezi vyote vya ikwalaiza.

Ukweli: ukipandisha vyote umeongeza volyumu tu, na ikigonga dari sauti inaanza kukwaruza. Anza kwa kushusha. Tuseme umechomeka simu ya Android kwenye sabufa, nyingi zina vitelezi vitano, 60Hz, 230Hz, 910Hz, 3.6kHz na 14kHz. Shusha 60 na 230 kama desibeli 4 hivi, maana ile 230 ndo inavimbisha sauti ya mtu kwenye chumba kidogo, 910 usiiguse, halafu 3.6kHz ipandishe 2 au 3, maneno mengi yanapata ung'avu wake hapo. "S" zikianza kuchoma sikio umezidisha, rudisha kidogo. Muvi ya mabomu ikianza rudisha besi yako, hakuna aliyekukataza.

Ila kwenye mpira usitegemee miujiza, kelele za mashabiki uwanjani zimo humohumo kwenye masafa ya mtangazaji, ukipandisha 3.6kHz umewapandisha wote wawili.