Kidonda mguuni, figo zimezimika: sepsisi hufanyaje kazi?

"Kidonda kilikuwa mguuni tu. Imekuwaje figo ndizo zilizokataa?"

Kilichozizima ni mwili wenyewe, katika kupambana na kidonda. Hali hiyo ni sepsisi. Mitaani tunaiita "sumu kwenye damu", na jina hilo lilinipotosha kwa muda mrefu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi niliamini bakteria hutoroka kidondani, hujaa kwenye damu, kisha hushambulia kiungo kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo damu ya mgonjwa ilipooteshwa maabara kutafuta bakteria, isiote kitu, nilijua hana sepsisi.

Nilikuwa nimekosea kabisa. Wagonjwa wengi wa sepsisi damu yao haioti chochote. Na kinyume chake kipo pia: mtu mzima wa afya anaweza kuwa na bakteria kwenye damu kwa dakika kadhaa baada ya kupiga mswaki, na asihisi lolote. Tangu 2016 fasili ya kitaalamu haiitaji damu hata kidogo. Inasema viungo vimeshindwa kazi kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi bila mpangilio. Maambukizi yenyewe yanaweza kuwa nimonia, mkojo mchafu, hata virusi.

Ili kuelewa "bila mpangilio", tazama jipu. Pale penye vijidudu, mishipa midogo hutanuka na kuta zake huanza kuvuja makusudi, ili chembe nyeupe za damu zipenye. Ndiyo maana jipu ni jekundu, lina joto na limevimba. Ni kazi nzuri, mradi iishie hapo. Katika sepsisi amri ile ile husambaa mwili mzima: kila mshipa mdogo unatanuka, kila ukuta unavuja. Kwa namna fulani, mtu anageuka jipu.

Sasa fikiria nyumba ya ghorofa yenye tangi moja juu ya paa. Bomba moja likifunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu. Wapangaji wote wakifungua kwa pamoja, huku viungio vya mabomba vinavuja ukutani, presha inaanguka na wengine wanapata matone. Maji hayajapotea, yamelowesha kuta. Mgonjwa wa sepsisi anaweza kuvimba miguu huku mishipa yake haina damu ya kutosha. Juu ya hayo, damu huanza kuganda ndani ya mishipa midogo, kama mchanga uliokwama kwenye bomba. Figo, zinazohitaji presha ili kuchuja, ni miongoni mwa wapangaji wanaokosa maji mapema.

Chukua mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha kisigino, uzito kilo 60. Asubuhi anapumua mara 26 kwa dakika, ingawa hakohoi. Mchana anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Ukibonyeza ukucha wake kisha ukauachia, rangi inachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi. Presha ni 92 kwa 50. Tangu alfajiri amekojoa kikombe kidogo tu, wakati kwa uzito wake tungetarajia walau mililita 30 kila saa. Joto? 36.1. Hapo ndipo wengi hujikwaa, nami nilijikwaa: hana homa, basi asubiri. Wazee na waliodhoofika wanaweza kupoa badala ya kuchemka.

Kusubiri kuna gharama kwa sababu antibayotiki huua bakteria, haifungi mabomba yaliyokwisha kufunguka. Figo iliyokosa damu kwa muda mfupi huweza kurudi. Ikikaa hivyo kwa muda mrefu, seli zake hufa. Utafiti mmoja maarufu wa 2006, wa wagonjwa ambao presha yao ilishaanguka, ulikuta kila saa ya kuchelewesha dawa katika saa sita za kwanza iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7.6. Lakini ulichambua mafaili ya wagonjwa, haukuwa jaribio, na kwa wasio na mshtuko, yaani presha kuanguka hivyo, ushahidi wa saa kwa saa ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2021 unataka dawa ndani ya saa moja kwa mwenye mshtuko, ila unaruhusu hadi saa tatu za uchunguzi kwa anayeshukiwa tu na presha yake bado imesimama.

Na dripu? Kwa mantiki ya tangi, jibu lingekuwa kujaza maji haraka. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, likachapishwa 2011, lilifanya hivyo kwa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko duni wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Bomba linalovuja, ukiliongezea maji, linazidi kulowesha ukuta. Angalau hivyo ndivyo ninavyojieleza mimi, maana sababu kamili bado inabishaniwa.