Fundi wa kompyuta ataona siri zako zote: mkataba wa kutunza siri uandikwe vipi

Msimu ukikaribia hapa Malindi wenye nyumba za wageni huanza kuita mafundi, wa stima, wa rangi, wa paa la makuti, na siku hizi pia yule kijana wa kompyuta anaekuja kuweka sistimu ya buking. Na wakati huo huo ndo ofisini kwetu, kwenye msaada wa sheria, tunaletewa karatasi za mkataba wa siri tuziangalie. Nyingi zimetolewa mtandaoni, kurasa saba nane za Kiingereza kizito, kilichobadilishwa ni majina tu. Mwenye nyumba hajaelewa, fundi hajaelewa, na wote wawili washatia sahihi. Hakuna sheria inayosema mkataba lazima uwe kwa Kiingereza, na Katiba ya 2010 imeshakifanya Kiswahili lugha rasmi, kwa hivyo andikeni kwa lugha mnayoongea.

Nitachukua kazi moja tu niifuate mpaka mwisho. Tuseme kuna bibi ana nyumba ya wageni ya vyumba 12 upande wa Mayungu, amempa kijana kazi ya kumuwekea sistimu ya buking kwa shilingi 85,000. Kijana hajaajiriwa, ni kontrakta, anamaliza hapa anaenda hoteli ya jirani, na hio ni haki yake. Lakini ili afanye kazi lazima aone vitu vitatu: majina, namba za simu na pasipoti za wageni, bei na komisheni ambayo bibi anampa kila ajenti, na paswadi za imeili na za sistimu yenyewe. Bibi ana maajenti watatu Italia na hawapati sawa, mmoja anapata asilimia 25 manake analeta watu wengi, wengine wawili wanapata 18. Hapo ndo penye siri ya biashara yake.

Sasa karatasi ya mtandaoni itasema hivi, "taarifa zote za aina yoyote atakazopata kontrakta ni siri." Inaonekana ni kali, kumbe ndo dhaifu kabisa, manake kesi ikifika kwa hakimu swali la kwanza ni hili, kitu gani hasa kilikuwa siri na huyu kijana alijuaje kuwa ni siri? Mahakama tangu zamani huangalia mambo matatu kwenye madai ya kuvujisha siri: taarifa yenyewe iwe kweli ya siri, iwe ilitolewa katika hali ambayo mpokeaji alijua anatakiwa aitunze, na iwe ilitumiwa bila ruhusa ikamuumiza mwenyewe. Ukisema kila kitu ni siri, hata rangi ya mapazia na namba ya simu iliyoandikwa getini, unamuachia wakili wa upande wa pili njia ya kusema mteja wake hakujua mpaka uko wapi.

Mimi ningeandika hivi:

"Siri katika mkataba huu ni vitu vitatu. Kwanza, taarifa za wageni: majina, simu, imeili, nakala za pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, na malipo yao. Pili, orodha ya bei na komisheni za maajenti, iwe kwenye karatasi, kwenye simu au imesemwa kwa mdomo. Tatu, paswadi na njia zote za kuingilia sistimu. Kitu kingine kikiwa siri, mwenye nyumba atamwambia fundi kwa maandishi, hata kwa wasapu, kabla ya kumpa."

Halafu mara moja useme ni nini si siri, hapa wengi huruka na ndo panapomlinda fundi. Si siri kitu ambacho tayari kiko wazi kwa watu, kama bei iliyobandikwa kwenye tovuti. Si siri alichokuwa anakijua kabla ya kuja, au alichoambiwa na mtu mwingine mwenye haki ya kumwambia. Na ujuzi wake si siri ya bibi, namna ya kuunganisha kalenda ya vyumba na malipo ya M-Pesa ni kazi ya mikono yake ataenda nayo kokote. Nimeona mikataba inaweka humo ndani sharti kuwa fundi asifanye kazi na hoteli ingine yoyote Malindi kwa miaka mitano, eti ni kutunza siri. Hio si siri, hio ni kumfunga mtu riziki, na tuna sheria yetu ya mikataba inayozuia biashara, sura ya 24, inayoipa Mahakama Kuu uwezo wa kulivunja sharti kama hilo ikiona limezidi kiasi. Na pia iandikwe kuwa hakuna siri inayomzuia mtu kwenda polisi au kutii amri ya mahakama.

Bas, tuje kwenye muda. Watu huandika "milele" halafu wanalala usingizi, au wanaandika mwaka mmoja kwa kila kitu. Muda mzuri unafuata uhai wa siri yenyewe. Orodha ya komisheni ya msimu huu, unaoanza Disemba, baada ya misimu miwili haina kazi tena, bei zitakuwa zimebadilika, kwa hivyo miaka miwili baada ya kazi kuisha inatosha na ni rahisi kuitetea mbele ya hakimu. Taarifa za wageni ni tofauti, pasipoti ya mtu haiwi ya wazi kwa sababu miaka miwili imepita, hizo andika kuwa zitabaki siri siku zote, na fundi asibaki nazo. Paswadi nazo ni siri mpaka zibadilishwe, na bibi abadilishe siku ile ile kazi inapoisha, asingoje kesho.

Kutobaki nazo kuandikwe wazi pia. "Ndani ya siku 7 baada ya kazi kuisha fundi atarudisha au kufuta nakala zote, zikiwemo zilizoko kwenye simu yake, kwenye flashi, kwenye wasapu na kwenye bekapu, halafu atatuma ujumbe wa maandishi kuthibitisha." Nimetaja wasapu kwa makusudi, manake pasipoti nyingi hapa mjini hutumwa kwa njia hio, na picha huingia zenyewe kwenye galari ya simu, fundi akauza simu zikaenda nazo. Na kama fundi atakuja na msaidizi, tuseme binamu yake, huyo naye atie sahihi kabla hajagusa kitu, la sivyo fundi ndo atakaejibu kwa yote atakayofanya.

Sasa siri ikivuja. Hapa ndo mikataba mingi husema tu "hatua za kisheria zitachukuliwa", maneno yasiyomwambia mtu afanye nini kesho asubuhi. Anzeni na kuambiana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka bibi, kama data za watu zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, na anaemfanyia kazi na hizo data, hapa ni fundi, anatakiwa amjulishe bibi ndani ya saa 48 inapowezekana. Kwenye mkataba mimi huweka saa 24, ili bibi asibanwe. Sheria hio hio inataka kuwe na mkataba wa maandishi kati yenu, unaosema fundi atazitumia hizo data kwa maagizo yako tu. Na adhabu ya Kamishna yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, inayochukuliwa ni ile iliyo ndogo. Mkataba wenu hauwezi kuifuta adhabu hio wala kumzuia mgeni asilalamike, ninyi mnapangiana wenyewe kwa wenyewe tu.

Halafu pesa. Tuseme bibi wetu anataka kuandika kuwa fundi akivujisha chochote alipe milioni 2. Kwa kazi ya 85,000! Hakimu ataitazama hio kama adhabu, na mahakama zetu zinafuata msimamo wa kesi ya Danlopu ya 1915 huko Uingereza, kwamba kiasi mlichokubaliana mapema kitasimama kama ni makadirio ya kweli ya hasara, lakini kama ni cha kumtisha mtu, hakitasimama. Kwa hivyo kadirieni. Kwa mfano wetu, ajenti wa asilimia 18 akiipata ile orodha atadai 25 kama mwenzake, tofauti ni 7. Chumba ni shilingi 9,000 kwa usiku, asilimia 7 ni 630. Ajenti huyo huleta kama usiku 200 za vyumba kwa msimu, kwa hivyo bibi atapoteza 126,000. Hapo andikeni: "orodha ya komisheni ikivuja kwa makosa ya fundi atalipa 126,000, kiasi ambacho wote wawili tumekikadiria hivi," na hesabu yenyewe iwe humo ndani ya mkataba. Kwa taarifa za wageni usiweke kiasi, hasara yake haikadiriki mapema, sema tu atalipa hasara itakayothibitishwa. Na malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya vizuri asinyimwe, hayo ni madai mengine.

Saa ingine pesa si dawa, unachotaka ni kumzuia asiendelee kusambaza. Hapo unaomba amri ya zuio la muda, na tangu kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973 mahakama za Kenya huangalia kama kesi yako ina mguu wa kusimamia, kama utaumia kwa namna ambayo pesa haiwezi kufidia, na ikiwa bado ina shaka, ni nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikikataliwa. Ukikaa miezi mitatu ukijua ndo uende, umejiharibia mwenyewe, manake kama ingekuwa inauma usingengoja.

Lakini yote haya yanataka ushahidi kuwa ni yeye, na hapa ndo kesi nyingi hufia. Bibi akiwapa fundi, msimamizi na mpwa wake wote paswadi moja, siri ikivuja atamjuaje aliyeivujisha? Mpe fundi akaunti yake mwenyewe ndani ya sistimu, ili ionekane nani aliingia na saa ngapi. Orodha ya komisheni, kila anaepewa apewe nakala yenye tofauti ndogo, mstari mmoja wa chumba uwe na bei iliyopishana kwa shilingi 50, uandike kando nani alipewa ipi, siku ajenti akikurushia picha ya orodha utajua imetoka kwa nani. Na siku ya kuanza kazi andikeni karatasi moja ya makabidhiano: kilichotolewa, tarehe, kwa njia gani, sahihi mbili. Karatasi hio ifungwe nyuma ya mkataba, kila mtu na nakala yake.